Sacco Haiulizi Kwa Nini Wataka Kujitoa, Yauliza Nani Anaingia

Shemeji aliniita barazani baada ya Isha, akaniagizia kahawa na kashata mbili. Mtu wa Mombasa akikuagizia kashata mbili kabla hujaketi, jua kuna neno. Neno lenyewe lilikuwa kwamba kampuni ya kutoa mizigo bandarini aliyokuwa akiifanyia kazi kule Changamwe imepunguza watu, naye yumo. Malipo ya mwisho amepewa. Anafikiria kuuza nazi kwa jumla Kongowea.

Nilimpa pole, tena ya dhati. Lakini nilipokuwa nikirudi nyumbani akili ilikuwa kwenye fomu moja niliyoitia saini miezi 16 nyuma. Shemeji alikopa Sh600,000 kwenye sacco yetu, za kulipwa kwa miezi 48. Wakati huo akiba yake ilikuwa Sh200,000, nayo sacco hutoa mkopo hadi mara tatu ya akiba. Zile Sh400,000 zilizobaki bila kinga tuliziba wadhamini wanne, kila mmoja Sh100,000 ya akiba yake mwenyewe. Mimi ni mmoja wao, na mwakani nina mtoto wa kupeleka chuo. Nilitaka kukopa na mimi, na akiba iliyofungwa kwa mkopo wa mtu haihesabiwi ukija kuomba wako.

Basi nikaamua kuomba nitolewe. Dada yangu aliposikia, hakusema nami siku nne.

Watu wengi hukosea hapa, na mimi nilianza kwa kosa hilo hilo. Nilikwenda ofisini na hadithi: mkopaji hana kazi tena, mambo si yale niliyotilia saini, kwa hivyo naomba kutoka. Afisa wa mikopo, bibi mmoja mpole wa miaka hamsini hivi, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza swali moja. "Sawa, mwanangu. Wewe watoka. Nani anaingia?"

Kwa mkopeshaji, hali ya mkopaji kubadilika haikupi ruhusa ya kutoka. Ndiyo siku yenyewe aliyokuwekea. Mdhamini huchukuliwa kwa sababu kazi huisha na biashara huanguka. Ukimwambia "hana kazi tena, nitoeni", yeye anasikia "sasa ndipo mnaponihitaji". Isitoshe, pesa zilishatoka. Kama ungekuwa umedhamini mtu anayekopa na kurudisha na kukopa tena, ungeweza kuandika barua kwamba kuanzia leo hudhamini mkopo wowote mpya, na barua hiyo ingekulinda kwa yajayo. Mkopo mmoja uliokwisha kutolewa hauna mlango huo. Wala usijidanganye kwamba utajiuzulu uanachama uchukue akiba yako uende zako, kwani sacco hairuhusu mwanachama kuondoka akiwa bado amefungwa kwa dhamana ya mwenzake.

Yule bibi aligeuza kikokotoo chake nikione. Mkopo wa shemeji hulipwa Sh12,500 za msingi kila mwezi, riba mbali. Kwa miezi 16 amepunguza Sh200,000, salio ni Sh400,000. Akiba yake nayo imekua kwa Sh2,000 kila mwezi, imefika Sh232,000. Ukitoa hiyo kwenye salio, pengo halisi ni Sh168,000. Tugawane wanne, kila mmoja anabeba Sh42,000. Nikafurahi. Nikamwambia, "Bibi, basi kumbe mimi nadaiwa elfu arubaini na mbili tu, si laki."

Akatikisa kichwa. Kwenye mtambo wao nimefungwa laki moja kama nilivyotia saini, na laki itabaki hapo mpaka mkopo uishe au kamati ya mikopo iamue vinginevyo. Ziko sacco zinazoachilia dhamana polepole kadiri salio linavyoshuka. Yetu haimo. Nitarudi kwenye jambo hili kwa sababu lilinikera, na bado linanikera.

Kisha akanipa masharti yao. Kwanza, mkopo usiwe umechelewa hata siku moja. Sacco zinazopokea amana zinasimamiwa na SASRA, na kanuni zinazitaka kupanga mikopo kwa siku za kuchelewa. Mkopo ukipita siku 30 bila kulipwa hushuka daraja, na sacco inalazimika kutenga robo ya salio kama hasara inayotarajiwa. Kwa mkopo wa shemeji hiyo ni Sh100,000 kutoka kwenye mapato yao, kwa kuchelewa mwezi mmoja na siku. Ukienda kuomba kutolewa wakati huo unazungumza na mtu ambaye ameshaanza kuhesabu nani wa kumkata. Sisi tulibahatika, maana mkato wa mwisho wa mshahara ulikuwa umefika, na siku ya mkato ufuatao ilikuwa bado wiki tatu. Hizo wiki tatu ndizo zilizoniokoa.

Pili, walimtaka shemeji mwenyewe. Mdhamini hawezi kujitoa nyuma ya mgongo wa mkopaji, kwa sababu fomu ya kubadilisha mdhamini inatiwa saini na mkopaji. Tena walimtaka aeleze atalipa vipi sasa kwa kuwa hakuna mwajiri wa kumkata. Alileta barua ya kuachishwa kazi, taarifa ya M-Pesa ya miezi sita, na agizo la benki la kulipa kila tarehe 5. Kama nisingekuwa nimezungumza naye kwanza, pale barazani, angeitwa ofisini na kulisikia jambo hili kwa mgeni, na udugu ungeishia hapo.

Tatu, mtu wa kuingia. Ndugu yake shemeji ni mwanachama, na ana akiba ya Sh150,000. Jicho la kwanza linasema anatosha. Lakini ameshamdhamini mwenzake wa kazini kwa Sh80,000, kwa hivyo akiba yake huru ni Sh70,000. Mkopeshaji huangalia akiba huru, haangalii akiba nzima, nao hutaka nakala ya kitambulisho, hati ya mshahara ya karibuni na taarifa ya akiba yake. Pengo la Sh30,000 shemeji aliliziba mwenyewe kwa kuongeza akiba yake kutoka kwenye malipo ya kuachishwa. Nilimsukuma afanye hivyo wiki hiyo hiyo. Pesa ya kuachishwa kazi ina miguu, na nazi za Kongowea zilikuwa zinaiita.

Nne, ndilo ambalo sikulitarajia kabisa, walitaka saini za wale wadhamini wenzangu watatu kwamba hawana pingamizi. Mmoja anakaa Likoni, nikavuka feri mara mbili kumtafuta. Nilidhani ni urasimu. Baadaye mwanasheria mmoja, jirani yangu, alinieleza: sote tumesimama chini ya mzigo mmoja, na mkopeshaji akimwachilia mmoja bila idhini ya wengine, wale waliobaki wanaweza kudai mahakamani kwamba mzigo wao umebadilishwa bila wao kuulizwa, na kwamba nao wako huru. Sacco inajilinda yenyewe. Fomu nyingi zina kifungu kinachowanyima wadhamini hoja hiyo mapema, lakini afisa makini hategemei kifungu peke yake.

Wakati haya yakiendelea, sacco ilimpendekezea shemeji arefushe mkopo. Badala ya miezi 32 iliyobaki, miezi 48 mipya, na msingi wa kila mwezi ushuke kutoka Sh12,500 hadi kama Sh8,300. Kwa shemeji ni nafuu ya kweli. Kwa mdhamini ni jambo la kulitazama kwa macho mawili. Mkopo ukirefushwa hivyo huandikwa upya na wadhamini huombwa saini mpya. Hiyo ndiyo nafasi safi kuliko zote ya kutoka, kwa kuwa hakuna anayeweza kukulazimisha kutia saini mara ya pili. Wengi hutia tu kwa haya, fomu inaletwa nyumbani na kijana mwenye pikipiki, chai iko mezani, unaandika jina lako bila kusoma. Mimi nilimwambia shemeji wazi: warefushe, lakini baada ya ndugu yako kuingia mahali pangu.

Barua yangu ya maombi ilikuwa fupi. Nilitaja namba ya mkopo, kiasi nilichodhamini, tarehe niliyotia saini, jina la anayeingia na akiba yake huru, na nikaambatisha fomu zote. Sentensi muhimu ilikuwa hii: "Naomba kamati iidhinishe mdhamini mpya, na baada ya kuidhinisha nipewe barua inayosema kwamba sidaiwi chochote kwa mkopo huu." Malalamiko juu ya kazi ya shemeji niliyafuta yote. Kamati hukaa mara moja kwa mwezi, na haina haja nayo.

Sasa kero yangu. Baada ya shemeji kuongeza zile Sh30,000, akiba yake ilikuwa Sh262,000 dhidi ya salio la Sh400,000. Pengo ni Sh138,000. Wadhamini watatu wa laki moja moja na ndugu yake wa elfu sabini wanafungwa Sh370,000 kwa pengo hilo. Hiyo ni zaidi ya mara mbili na nusu. Nilimuuliza yule bibi sababu. Akasema mkopaji asipokuwa na mwajiri, riba na malimbikizo hupanda haraka, na wadhamini nao huachishwa kazi. Namwelewa, na nusu ya maneno yake nayakubali. Lakini sacco inayojua kukokotoa riba mpaka senti haishindwi kupunguza dhamana mara moja kwa mwaka. Laki zetu zinakaa zimefungwa bila kumlinda mtu, na ndiyo maana watu siku hizi wanawakimbia ndugu zao wanapoona fomu. Nitalisimamia kwenye mkutano mkuu wa mwaka, na nimeshapata wawili wa kuniunga mkono.

Kama shemeji angekuwa ameshapitisha miezi miwili bila kulipa, haya yote yasingefanyika. Hapo ningeulizwa kitu kimoja tu, nitalipa fungu langu kwa mkupuo au nikatwe. Ningelipa, nikadai risiti yenye jina langu na namba ya mkopo, kwa sababu mdhamini aliyelipa deni ana haki ya kumdai mkopaji, na bila risiti hiyo ni neno lako na lake.

Kamati ilikubali. Barua ilikuja na muhuri. Nilipoomba taarifa ya akiba yangu wiki hiyo, laki bado ilikuwa imefungwa, kwani barua ilitoka lakini hakuna aliyegusa mtambo. Nikarudi nayo mkononi. Yule bibi akavaa miwani, akabonyeza vitufe, akachapisha karatasi nyingine. Safu ya dhamana ikasoma 0.00. Nikaipiga picha nikampelekea dada yangu, na chini yake nikaandika kwamba mume wake hajachelewa hata siku moja.

Akajibu saa ya Magharibi: "Haya. Njoo ule, nimepika samaki wa nazi. Nazi za nani wazijua."