Usikate Splati Kabla Hazijapangika

Picha za pande tatu za magofu ya Kaole ninazoonyeshwa na vijana wa hapa Bagamoyo zina kasoro za aina mbili. Baadhi zimeachwa na mawingu machafu yakielea juu ya makaburi. Nyingine zimesafishwa hadi mbuyu umebaki matawi matupu. Kwangu mimi, ya pili ni mbaya zaidi. Mzee mmoja anayetembeza wageni alionyeshwa picha ya namna hiyo kwenye simu, akauliza, “Kwani mlipiga kiangazi, wanangu?” Walikuwa wamepiga wakati wa mvua, mbuyu umejaa majani. Majani yalifutwa baadaye, mezani.

Ninavyoona, watu hukata mapema mno. Hukata kabla hawajajua kama doa wanaloliona ni uchafu kweli au ni splati, yaani vitone vya rangi vinavyoijenga picha, ambazo programu haijamaliza kuzipanga.

Njia hii ya splati za Gausi hujenga umbo la pande tatu kutokana na picha nyingi za kawaida, na katika sura yake inayotumika leo ilitolewa mwaka 2023 na watafiti wa Inria, taasisi ya utafiti ya Ufaransa, na wenzao. Ndani ya faili hakuna ukuta wala jiwe. Kuna vitone vingi, aghalabu mamia ya maelfu au mamilioni, kila kimoja laini pembezoni kama fumba la sufi. Kila kitone kina mahali pake, ukubwa, mwelekeo, rangi, na namba kati ya 0 na 1 inayosema kinaziba kiasi gani cha kilicho nyuma yake. Programu ya kutazamia huvichora kimoja juu ya kingine, kwa hiyo lazima ijue kipi kiko mbele na kipi kiko nyuma.

Chukua jani lililo mbele ya nguzo ya kaburi. Splati ya jani inaziba 0.5, ya nguzo inaziba 0.9, na nyuma yake kuna anga. Mpangilio ukiwa sahihi, pikseli hupata asilimia 50 ya kijani. Nusu iliyobaki hupita hadi kwenye nguzo, nayo huchukua asilimia 45, na anga hupata 5. Sasa geuza mpangilio, nguzo ihesabiwe kuwa mbele. Nguzo inachukua 90, jani linabaki na 5, anga ni ile ile 5. Hakuna splati iliyoongezwa wala kufutwa, lakini jani limepotea machoni. Mtu asiyejua hili ataona rangi ya jiwe imefunika majani, atadhani ni takataka, na atachukua kisu.

Kwenye kivinjari jambo hili hutokea mara kwa mara, kwa sababu kupanga splati milioni moja ni kazi nzito. Programu nyingi huifanya pembeni, huku picha ikiendelea kuchorwa kwa mpangilio wa zamani kidogo. Ukizungusha kamera kwa haraka, unatazama upande mpya kwa mpangilio wa upande uliotoka. Ukizunguka hadi upande wa pili wa kaburi, mpangilio wa zamani ni kinyume kabisa. Simu ya bei nafuu huchelewa zaidi.

Kuna lingine ambalo wengi hawalioni. Programu nyingi hupima umbali wa kitovu cha splati kwa kufuata mwelekeo inakotazama kamera. Ukipimwa hivyo, kusogea mbele bila kugeuka hakubadilishi mpangilio hata kidogo, ila kugeuza shingo papo hapo kunaubadilisha. Ndiyo maana splati ndefu mbili zinazopishana huweza kubadilishana nafasi ghafla, na ukuta ukacheza rangi, ingawa hujahama uliposimama.

Kwa hiyo kabla ya kugusa kifutio, simama. Acha kamera itulie. Doa likitoweka baada ya kutulia, ulikuwa ni uchelewaji wa kupanga. Likija na kuondoka kila unapopita pembe ile ile, ni vitovu viwili vinavyopishana. Lakini likibaki pale pale, na ukisogea pembeni linaachana na ukuta ulio nyuma yake, hapo una kielea halisi, yaani uchafu unaoelea hewani.

Vielea vya Kaole vina sababu zinazoeleweka. Minazi hutikiswa na upepo kati ya picha moja na nyingine, na wageni hupita. Kinachosumbua zaidi ni simu inayojirekebisha mwanga yenyewe. Ukiinua kamera kutoka kwenye jiwe la matumbawe kwenda kwenye ncha ya nguzo, anga linang’aa na simu inapunguza mwanga. Nguzo ile ile inakuwa na rangi mbili katika picha mbili. Programu ya kujenga splati, ikitafuta namna ya kuzipatanisha, hutandaza utando mwembamba karibu na kamera. Ukitazama kutoka njia aliyopita mpiga picha, utando huo hauonekani, maana ndiko ulikotengenezwa ili picha zikubaliane. Panda juu, au simama mahali ambapo yeye hakusimama, utauona umejipanga kama ukungu kufuata nyayo zake.

Kwenye SuperSplat, programu ya kuhariri splati, mimi huanza na mahali, si namba. Tufe moja kuzunguka kaburi na mbuyu, kisha nageuza uteuzi ili nishike vilivyo nje. Halafu nawasha mwonekano wa vitovu, kwa sababu splati kubwa inaweza kupaka rangi mbali na kitovu chake. Kuzungushia kamba kwa mkono kuna mtego: huteua kila kilicho ndani ya kamba hadi nyuma kabisa, pamoja na ukuta wa msikiti ulio mita kadhaa nyuma ya wingu. Teua kwanza, zunguka utazame kutoka upande, ondoa kwenye uteuzi usivyovitaka, ndipo ufute.

Kuvuta mpaka wa uzibaji na kufuta vyote vilivyo chini yake ndiko kulikoua mbuyu. Majani yaliyotikisika hupata splati hafifu, sawa na ukungu. Namba haiwezi kuvitofautisha, mahali panaweza. Na wanaoandika skripti zao wana balaa la ziada, kwa kuwa faili la PLY, ambamo splati huhifadhiwa, halihifadhi uzibaji wenyewe bali thamani yake kabla ya kubanwa kati ya 0 na 1. Ukifuta kila chenye `opacity` chini ya 0.1 bila kugeuza kwanza, umefuta kila kinachoziba chini ya takriban 0.52. Geuza hivi, `np` ikiwa ni NumPy na `v` ikiwa ni jedwali la splati ulilosoma kutoka kwenye faili hilo:

```python
a = 1 / (1 + np.exp(-v["opacity"]))
```

Ukubwa nao umehifadhiwa kwa logarithimu, na vipimo vya eneo kwa kawaida si mita hadi uvilinganishe na urefu unaoujua, kwa mfano upana wa kaburi uliopimwa kwa futi kamba.

Anga ndilo ninalobishania na wenzangu. Wao hulifuta lote ili nguzo isimame peke yake kwenye weusi. Lakini splati za ukingo wa nguzo ziliundwa zikiwa na anga nyuma yake, na nyingine zimebeba sehemu ya weupe wake. Ukiweka weusi nyuma, nguzo inavaa ukosi wa rangi ya maziwa, na ukiukwangua ukosi huo unakula jiwe. Mimi huacha anga la nyuma ya nguzo, nafuta lililoshuka chini ya vilele vya minazi, na pale ambapo halikupigwa kabisa naweka rangi ya nyuma inayokaribiana nalo. Faili la awali linabaki bila kuguswa, na kila ukataji unaenda kwenye nakala.