Elfu kumi yako imekwenda wapi? Isome risiti ya LUKU

Kwenye nyumba za kupanga za Igoma na Buhongwa, Mwanza, ugomvi wa umeme huanza tarehe za mwanzo wa mwezi. Mpangaji ananunua umeme wa elfu kumi, zinaingia uniti 23.9. Wiki mbili baadaye jirani yake ananunua wa elfu kumi hiyo hiyo kwenye mita ile ile, anapata 28. Hapo utasikia kwamba mita imechezewa, au kwamba umeme wa mwanzo wa mwezi ni ghali.

Mita haina kosa. Kinachofanya kazi hapo ni kodi ya jengo, ambayo tangu 2021 hukatwa kupitia LUKU. Nyumba ya kawaida isiyo ghorofa hukatwa shilingi 1,500 kwa mwezi, na hukatwa mara moja tu, kwa anayenunua wa kwanza. Kwa hiyo umeme wake ni wa 8,500. Bei ya kundi la T1, waliko wengi, ni shilingi 292 kwa uniti. Ongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA ya umeme vijijini asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1, uniti moja inafika kama 356. Gawa 8,500 kwa 356, unapata zile 23.9.

Mwezi usiponunua, kodi haisamehewi, inalala kama deni. Ukihamia chumba kilichofungwa miezi miwili, chenye mita yake, elfu kumi yako ya kwanza itakatwa 4,500, za miezi hiyo miwili na wa tatu ulioingia, na utabaki na uniti 15 na kitu. Mimi naona si haki hata kidogo. Jengo ni la mwenye nyumba, na kodi yake ni ya mwenye nyumba. Hiyo 1,500 ikatwe kwenye pango, na risiti ndiyo ushahidi. (Wenye nyumba wangu wa zamani wakisoma hapa, shikamooni.)

Kuna pia kundi la D1, la matumizi madogo. Humo uniti ni shilingi 100, yaani 122 pamoja na makato, lakini mwisho ni uniti 75 kwa mwezi. Hizo 75 zinagharimu 9,150 bila kodi ya jengo. Ukizivuka, uniti inayofuata ni 350, na makato 427, ghali kuliko T1. Elfu tano iliyokuwa ikileta uniti 41 sasa inaleta 11 na ushee. Wapangaji wanne mita moja, mmoja ana friji la kugandishia sangara, hawawezi kukaa D1. Wakizidisha, mita huhamishiwa T1.

Kujua uko kundi gani, toa kodi ya jengo, kama imekatwa, kwenye pesa uliyolipa, kisha gawa kwa uniti ulizopata. Ikija 122 uko D1, ikija 356 uko T1. Ikija namba nyingine, ama uko D1 na umevuka 75, ama kuna deni: angalia mstari wa madeni kwenye risiti kabla hujamgombeza jirani.