Fundi wa chokaa ajinadi au anyamaze?

Mjini Unguja mtu anayejisifu hadharani huanza kupoteza heshima kabla hajamaliza maneno yake. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ndiyo jibu analopewa mhandisi au fundi kijana wa majengo ya kale akisema anataka kuandika kuhusu kazi zake, kuonesha picha za kuta alizozitengeneza na kusimama mbele ya watu kuzieleza. Mafundi wa zamani wa Mji Mkongwe hawakuhitaji hayo. Mwenye nyumba alimuuliza jirani, jirani akamtaja fundi, na jina likatembea lenyewe kutoka Malindi hadi Vuga.

Hoja hii ina uzito, ila inadhani kwamba ubora wa kitu unaonekana wakati mtu anakilipia. Embe utaibonyeza sokoni ukajua. Ukuta wa mawe ya matumbawe haubonyezeki hivyo. Siku ya kukabidhi kazi, ukuta uliopakwa lipu ya chokaa na ule uliopakwa lipu ya saruji hufanana, na mara nyingi wa saruji ndio unaopendeza zaidi: umenyooka, mgumu, pembe zake kali. Mwenye nyumba analipa, anashukuru, na anamsifia fundi barazani. Sifa inaanza kutembea miaka miwili au mitatu kabla ya ukweli.

Kuta hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na udongo mwekundu, na unene wake mara nyingi ni nusu mita au zaidi. Unyevu wa ardhini hupanda ndani yake, nao hubeba chumvi. Ukuta ukipakwa chokaa, unyevu hupenya na kukaukia nje, na chumvi hubaki juu kama unga mweupe unaoweza kufagiliwa kwa brashi kavu. Ukipakwa saruji, au hata rangi ya plastiki, njia hiyo huzibwa. Maji hayaachi kupanda kwa sababu hiyo. Huenda juu zaidi, au hutafuta upande wa ndani, na yakifikia ncha za boriti zilizochomekwa ukutani huanza kuziozesha. Chumvi nayo hugandia nyuma ya lipu na kuisukuma itoke. Ukigonga kwa kifundo cha kidole unasikia mlio wa uwazi. Baadaye lipu huanguka kwa mapande, na mara nyingi huondoka na sehemu ya jiwe.

Basi tuseme kijana wetu amepewa ukuta wa chini wa nyumba ya ghorofa mbili Mkunazini. Lipu ya saruji imevimba hadi kimo cha kiuno. Anaibandua yote, anauacha ukuta upumue, kisha anapaka chokaa iliyolowekwa shimoni kwa muda mrefu, tabaka jembamba baada ya jingine, kila moja likiachwa likauke kwa kivuli na kunyunyizwa maji lisipasuke. Mteja anaona kazi inakwenda polepole na anaanza kuuliza bei ya mfuko wa saruji.

Sasa aandike nini? Wengi huandika siku ya mwisho: picha mbili, kabla na baada, na maneno ya kushukuru. Kwa maoni yangu picha ya namna hiyo haithibitishi chochote, kwa sababu mpinzani wake wa saruji ana picha nzuri kuliko yake. Ushahidi unaanza masika yakishapita. Wahifadhi wa majengo hutumia kadirio kwamba ukuta mnene hukauka kiasi cha inchi moja kwa mwezi. Ukuta wa inchi 24, hata ukikaukia pande zote mbili, unataka mwaka mzima, na kwa unyevu wa hewa ya Unguja huenda ukataka zaidi. Muda wote huo chumvi itatoka. Yaani katika mwaka wa kwanza ukuta uliofanyiwa kazi sahihi utakuwa na mabaka meupe, na ukuta wa jirani uliopakwa saruji utang'aa.

Hapo ndipo penye mzozo halisi wa kuonesha kazi hadharani katika fani hii. Anayeandika kwa uaminifu ataonekana mbaya kabla ya kuonekana mzuri. Akirudi Juni, baada ya masika ya kwanza, akapiga picha mahali palepale, saa ileile ya mwanga, na kuandika "chumvi imetoka hadi sentimita 80, lipu haijaachia, tumefagia kwa brashi kavu", msomaji asiyejua atasema kazi imeharibika. Akirudi Juni ya mwaka wa pili na kuandika kwamba chumvi imepungua na ukigonga ukuta mlio ni mzito, huenda msomaji huyo hayupo tena. Lakini mwenye nyumba mwingine, ambaye saruji yake imeanza kudondoka mwaka huohuo, ataikuta kumbukumbu ile yote kwa mpangilio. Kuta nane au kumi zilizofuatiliwa hivyo kwa miaka mitano zina nguvu kuliko mamia ya picha za siku ya kukabidhi. Mdomo wa baraza, pamoja na kasi yake yote, hauna namna ya kuhifadhi tarehe.

Kwa upande huu naona methali imeshindwa. Kwa upande mwingine haijashindwa, na wapo watatu wanaoweza kuumia kijana akifungua mdomo.

Wa kwanza ni mwenye nyumba. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zina wenyewe wengi: ndugu waliorithi pamoja, Serikali, au Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Picha ya ukuta uliooza ikienea, yupo atakayesoma kwamba familia fulani imeshindwa kutunza nyumba ya babu yao, na yupo atakayeitumia kwenye ugomvi wa mirathi. Ndani ya nyumba ni sitara ya watu. Ruhusa ya kutengeneza si ruhusa ya kupiga picha, na ruhusa ya ndugu mmoja si ruhusa ya wote. Hili linatatulika kwa kiasi: picha ikaribie ukuta usijulikane ni wa nani, mtaa usitajwe, mlango wa nakshi usionekane, maana kwa mlango tu watu wa Mjini huitambua nyumba. Lakini ukiondoa yote hayo umeondoa pia uwezo wa msomaji kwenda kuhakikisha. Hakuna njia ya kupata vyote viwili, na mimi ningechagua sitara.

Wa pili ni fundi mwenyewe, yule anayeshika mwiko. Mara nyingi anayeandika na kualikwa kusema ni mhandisi au msimamizi, kwa kuwa ndiye mwenye kompyuta na Kiingereza. Miaka inapita, jina lake linakuwa ndilo jina la chokaa, na mzee aliyemfundisha kujua kwa kidole kama chokaa imelainika vya kutosha bado analipwa kwa siku. Ubaya hapa si kwamba siri imetolewa. Hofu ya kuibiwa ujuzi naiona dhaifu, maana uwiano wa chokaa moja kwa mchanga tatu anaujua kila mtu, na mkono haunakiliki kwa kusoma. Ubaya ni kwamba jina limehama. Anayeandika "tulipaka" bila kumtaja nani alipaka anajijengea sifa kwa kazi ya mwenzake, na Zanzibar ni ndogo, jambo hilo litajulikana.

Wa tatu ni kijana mwenyewe anayeandika, siku ya tukio kubwa. Sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo la Sultan Barghash la mwaka 1883, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 wakati ukarabati ukiendelea. Siku kama hiyo kila mtu anataka kusikia sababu, na mtu aliyejulikana kwa kuandika kuhusu majengo ya kale ndiye wa kwanza kupigiwa simu. Akitaja sababu usiku uleule, bila kuingia ndani wala kuona michoro, amecheza na kila alichokijenga. Akikaa kimya kabisa ataambiwa anaogopa wakubwa. Kilicho halali kwake ni kueleza anachokijua tayari, kwa mfano namna kuta nene za matumbawe zinavyobeba mzigo na dalili za hatari ambazo huonekana mapema, kisha kusema waziwazi kwamba jengo lile hajalikagua. Hilo ni rahisi zaidi kwa mtu ambaye alishaandika mambo hayo miaka kabla ya tukio. Maneno yake hayaonekani kama ya kudandia msiba.

Kuhusu kusema mbele ya watu sina mengi. Mkutano wa kimataifa humpa mtu safari, marafiki na pengine mkataba wa ushauri, na Mji Mkongwe, tangu uandikwe katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, hauishi kuwavutia wageni wanaotaka kusikia habari zake. Ila aliye ukumbini huko hana ukuta Mkunazini. Saa moja na wanafunzi wa Taasisi ya Karume, kwa Kiswahili, na pande la lipu iliyoanguka likipita mkono kwa mkono ili waone chumvi mgongoni mwake, itazaa mafundi na wateja kwa muda mrefu zaidi, ingawa hakuna atakayeilipia nauli.

Limebaki swali la riziki, na hapa wanaoshabikia kujitangaza huahidi kupita kiasi. Zabuni za taasisi kwa kawaida zinasoma usajili, vyeti, kazi zilizopita na bei. Kumbukumbu ya masika matano haina safu yake kwenye fomu. Kwa jirani wa mtaa mmoja nayo haiongezi kitu, kwa kuwa anaweza kwenda kuugonga ukuta mwenyewe. Inayemfaa ni mwenye nyumba aliye mbali: mtoto wa Unguja aliyeko Muscat, Dubai au London, aliyerithi theluthi ya nyumba, asiyekaa barazani, na ambaye ameshatuma pesa za saruji zaidi ya mara moja. Huyo hana jirani wa kumuuliza. Anasoma usiku, analinganisha tarehe, anauliza mbona mwaka wa kwanza chumvi ilitoka, na akijibiwa vizuri anatuma picha za ukuta wake. Wateja wa namna hiyo si wengi, na huja baada ya mwaka wa tatu au wa nne. Kwa fundi mwenye familia, hiyo ni miaka mitatu ya kuandika huku akila kwa kazi anazopewa kwa mdomo, zikiwemo za saruji ambazo hatapenda kuziandika.