Wenye donge ndio wanaojaza fomu

Mwenzangu mmoja aliitwa mwisho wa muhula aeleze kwa nini tathmini ya somo lake, ile inayojazwa na wanafunzi, imeshuka hadi 3.3, wakati idara yetu inataka mhadhiri asipungue 3.5 kati ya 5. Nilikuwa kwenye kamati iliyomwita. Karatasi ikapitishwa mezani, kila mtu akaitazama ile 3.3, na maneno yakaanza: labda anafundisha haraka mno, labda hajiandai, labda apelekwe mafunzo. Ilipita karibu nusu saa kabla mmoja wetu hajasoma mstari mdogo wa chini kabisa. Darasa lina wanafunzi 120. Fomu zilizojazwa ni 30.

Na huyo mmoja, kwa bahati mbaya, sikuwa mimi.

Nilirudi ofisini nikapiga hesabu ya kubuni, kwa sababu maoni ya darasa zima hakuna anayeyajua. Tuseme kati ya wanafunzi 120, 12 wana donge na mhadhiri na wangempa 1. Wengine 84 wameridhika kiasi, wangempa 4. Waliobaki 24 wanampenda, wangempa 5. Wote wakijaza, wastani ni 3.9, na hakuna kamati itakayomwita mtu kwa 3.9. Sasa tuone nani anajaza kweli. Wenye donge wanajaza 9 kati ya 12, maana walikuwa wakiisubiri hiyo fomu. Wanaompenda wanajaza 7 kati ya 24. Wale 84 wa katikati wanajaza 14 tu. Jumla 30, na wastani unatoka 3.3. Hakuna aliyesema uongo wala mhadhiri hajabadilika. Kilichotokea ni kwamba wenye hasira, ambao darasani ni mmoja kati ya kumi, kwenye fomu wamekuwa watatu kati ya kumi.

Kwa nini hao wa katikati hawajazi? Jiweke mahali pao. Kiungo kinakuja kwa barua pepe wiki ya mwisho ya masomo, mitihani iko mlangoni. Ufungue mfumo, ukumbuke nywila, ujibu maswali 20, tena kwa kila somo kati ya masomo sita unayosoma. Somo lilienda vizuri tu. Utaandika nini? Aliyepata jaribio lake wiki tano baada ya kulifanya, likiwa na alama bila neno hata moja la maelezo, huyo anacho cha kuandika, na ataitafuta nywila mpaka aipate. Zamani karatasi ziligawiwa darasani zikakusanywa papo hapo, kwa hiyo mwenye hasira na asiye na hasira walitumia dakika zile zile kumi. Tulipohamia mtandaoni tuliokoa karatasi na kazi ya kuhesabu, lakini majibu yakapungua, na yaliyopungua zaidi ni ya watu wasio na neno.

Pale kwenye kamati kulikuwa na utetezi mmoja ambao nimeusikia mara nyingi: “Fomu 30 zinatosha, kitakwimu 30 ni sampuli nzuri.” Hiyo kanuni ya 30 imekaririwa na wengi waliopita darasa la takwimu, ila wanasahau sharti lake, kwamba hao 30 wawe wamechaguliwa kwa nasibu. Waliojichagua wenyewe ni jambo jingine, na wingi wao hauponyi kitu. Mwaka 1936 jarida la Kimarekani la Literary Digest lilituma kadi za kura ya maoni zipatazo milioni 10, likarudishiwa zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba Landon angemshinda Roosevelt katika uchaguzi wa rais. Roosevelt akashinda majimbo 46 kati ya 48. Orodha yao ya majina ilikuwa na kasoro zake, lakini pia waliojisumbua kurudisha kadi hawakufanana na walioziacha. Kama milioni 2 hazikuwaokoa, fomu 30 zitatuokoaje?

Njia rahisi ya kupima ujinga wetu ni kuuliza: wale 90 waliokaa kimya wangeweza kusema nini? Fomu 30 zenye wastani wa 3.3 zina jumla ya alama 100. Wote 90 wakitoa 1, wastani wa darasa unakuwa 1.6. Wote wakitoa 5, unakuwa 4.6. Hiyo ndiyo nafasi yote ambamo ukweli unaweza kujificha, na sisi tulikuwa tunabishana juu ya tofauti ya 0.2. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kwenye jedwali la tathmini kimya hakina mshindo wowote, kinafutwa tu na wastani unachapishwa kana kwamba watu hao hawakuwahi kuwepo darasani.

Wapo wanaosema dawa ni kulazimisha: asiyejaza asione matokeo yake. Majibu yanapanda kweli, lakini fungua fomu zenyewe. Utakuta mtu amebonyeza 4 kuanzia swali la kwanza hadi la mwisho, hata pale penye swali la kinyume kama “Mhadhiri alichelewa mara kwa mara.” Mfumo ukitunza muda, utaona maswali 20 yamejibiwa kwa sekunde 25. Umepata idadi, hujapata maoni.

Mimi naona afadhali kurudisha zile dakika kumi darasani, wajaze kwa simu zao wakiwa wamekaa, mhadhiri akiwa nje. Nako kuna upendeleo wake: walioacha kuhudhuria hawatakuwepo, na pengine waliacha kwa sababu ya mhadhiri huyo huyo. Safari hii kosa linaelekea kumpendelea. Ndiyo maana kiungo kibaki wazi kwa watoro, na majibu yao yasomwe kando.

Mahali ambapo fomu ni za hiari, kuna kipimo ambacho hakigharimu chochote. Tenganisha waliojibu kabla ya kukumbushwa na waliojibu baada ya kukumbushwa mara mbili au tatu. Hao wa mwisho, ambao nusura wasijaze, ndio wanaoelekea kufanana na waliokaa kimya. Wastani ukipanda kutoka kundi la kwanza hadi la mwisho, una dalili kwamba kimya kimejaa watu walioridhika. Ukibaki pale pale au ukishuka, basi mwite mhadhiri, mna la kuzungumza. Si ushahidi kamili, lakini ni zaidi ya tuliokuwa nao siku ile.

Wala sisemi wenye hasira wapuuzwe. Tuliposoma maoni ya maandishi ya mwenzangu, mengi ya wale waliompa 1 yalitaja kitu kimoja: majaribio yaliyochelewa kurudishwa. Hapo walimweleza ukweli kuhusu kosa moja mahususi, na maneno hayo hayahitaji wastani wala idadi ya waliojibu ili yawe na maana. Sisi tuliyachanganya na maswali kuhusu ufundishaji, tukapata 3.3, tukataka kumpeleka mafunzo ya kufundisha.

Muhula uliofuata alirudisha majaribio ndani ya wiki mbili, na fomu akazigawa darasani. Walijaza wanafunzi 97, wastani ukawa 3.9. Mkuu wa idara akamuuliza amebadilisha nini. Alimjibu kwamba amebadilisha mambo mawili kwa mpigo, kwa hiyo hawezi kujua ni lipi lililopandisha.