Mpwa wangu alikuwa sahihi: Python haisomi mstari kwa mstari

Jumapili mpwa wangu alikuja nyumbani na karatasi yake ya mtihani wa chuo. Swali lilikuwa lile lile nililoulizwa na mimi enzi zangu: eleza tofauti ya kompaila na intapreta. Yeye aliandika kwamba Python hulisoma faili zima kwanza, kabla haijatekeleza chochote. Jibu likakatwa kwa kalamu nyekundu, na pembeni pakaandikwa, "Intapreta hutafsiri mstari kwa mstari." Alama mbili zikaenda. Nina hasira tangu siku hiyo, kwa sababu mtoto alikuwa sahihi. Kosa limo kwenye notsi tunazorithishana mwaka hadi mwaka bila mtu kufungua kompyuta akajaribu.

Kujaribu kwenyewe hakumalizi hata dakika mbili. Tuliketi mezani tukaandika `duka.py`:

```python
print("Karibu dukani")
bei = 1500
idadi = 3
print("Jumla:", bei * idadi
```

Tazama mstari wa nne, mabano hayajafungwa. Kama Python ingekuwa inakwenda mstari kwa mstari, tungeona kwanza "Karibu dukani", halafu ndipo ianguke huko chini. Tukaiendesha. Kilichotoka ni `SyntaxError: '(' was never closed`, basi. Hakuna karibu wala nini. Mistari mitatu ya juu haina kosa lolote lakini haikuguswa, maana Python ililipitia faili hadi mwisho, ikakuta sarufi imevunjika, ikakataa kuanza.

Tukafunga mabano, kisha kwa makusudi tukaharibu jina: badala ya `idadi` tukaandika `idad`. Safari hii "Karibu dukani" likatoka, na chini yake `NameError: name 'idad' is not defined. Did you mean: 'idadi'?`. Mpwa akauliza, "Sasa mjomba, mbona kosa hili halikuonekana mapema kama lile?"

Hilo ndilo swali ambalo mtihani ulipaswa kuuliza. Kisarufi, `bei * idad` haina tatizo. Python inapokagua faili huangalia sarufi, kisha huugeuza msimbo wako kuwa amri fupi fupi za matumizi yake ya ndani. `idad` iliingia humo kama jina tu. Kutafuta kama jina hilo lina thamani ni kazi inayofanyika programu ikiwa inaendeshwa. Andika `python3 -m dis duka.py` utaziona amri hizo kwa macho yako: `LOAD_NAME` ya bei, `LOAD_NAME` ya idad, kisha `BINARY_OP` ya kuzidisha. Yaani ndani ya Python mna kompaila inayofanya kazi kimya, na intapreta hupokea kazi kutoka kwake.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba wapo wanaokwenda hatua kwa hatua kweli. Bash, ile inayopokea amri unazoandika kwenye terminali, hutekeleza amri moja kabla ya kuisoma inayofuata, kwa hiyo mistari ya juu itafanya kazi hata kama huko chini kuna uharibifu. Lakini notsi zile hazisemi Bash. Zinasema Python.

Nadhani kinachotupoteza ni picha ya mkalimani. Tumezoea kusema kompaila ni mfasiri wa kitabu na intapreta ni mkalimani wa mkutanoni. Nusu ya kwanza inafaa. Kompaila huchukua maandishi yako, ikatoa maandishi mapya kwa lugha ya prosesa, ikaondoka. Lakini mkalimani naye hutafsiri tu. Kutenda anamwachia msikilizaji. Intapreta haimkabidhi prosesa tafsiri ya msimbo wako. Inasoma amri na kuitenda yenyewe, kama mtu anayesoma maelekezo ya pilau huku anakaanga vitunguu.

Hapo ndipo hatua ya kujenga programu inapoeleweka. Tuliandika duka lile lile kwa C:

```c
#include <stdio.h>
int main(void) {
    int bei = 1500, idadi = 3;
    printf("Jumla: %d\n", bei * idadi);
}
```

Tukaiita kompaila kwa `gcc duka.c -o duka`, kisha `./duka`, ikatoka 4500. Nikamwambia abadilishe bei iwe 2000, ahifadhi faili, aendeshe tena `./duka`. Ikatoka 4500. Akahifadhi tena. 4500. Nikamwacha ahangaike kidogo, kwani nilitaka aone mwenyewe kwamba sasa ana mafaili mawili yasiyojuana. `duka.c` ni maandishi yake. `duka` ni tafsiri iliyofanywa kabla hajagusa bei, na prosesa inaisoma hiyo tu. Alipoita `gcc` upya ndipo 6000 ikatokea. Kwenye Python angebadilisha na kuendesha tu, kwa sababu ukaguzi na ugeuzaji hufanyika hapo hapo, kila anapoendesha.

Na kwa nini C ikubali usumbufu huo? Neno `int` ndilo linalobeba jibu. Kompaila inajua tangu mwanzo kwamba bei na idadi ni namba kamili, kwa hiyo kuzidisha kunaweza kuwa agizo moja la prosesa, bila kuuliza kitu wakati wa kuendesha. Python haina ahadi hiyo. Kila inapofika kwenye `*` lazima iangalie ni vitu gani vimo pande zote mbili. Weka `bei = input()`, mteja aandike 1500, na Python itakupa jumla ya `150015001500`, kwa sababu kilichoingia ni maandishi, na maandishi mara tatu ni maandishi yaliyorudiwa. Hailalamiki. Duka halisi likitoa risiti ya namna hiyo utaigundua mbele ya mteja. Kwenye C, kuzidisha maandishi kwa namba kungekataliwa na `gcc`, na hata lile jina `idad` lingekamatwa hapo hapo, kabla faili la `duka` halijazaliwa.

Gharama yake ni kwamba tafsiri hufungwa kwenye aina moja ya mashine. Tulichukua `duka` kutoka kwenye laptopu yangu, ambayo ni ya Intel, tukaipeleka kwenye Raspberry Pi yenye prosesa ya ARM. Ikajibu `Exec format error`. `duka.py` ilikubali huko huko bila kubadilishwa herufi, kwa sababu mtu mwingine alishatujengea Python ya ARM. Python yenyewe tunayoitumia sote imeandikwa kwa C na ikapitishwa kwenye kompaila. Hatua ya kujenga ilikuwepo. Tulifanyiwa na wengine.

Java inakaa katikati: `javac` hutoa amri za mashine ya kufikirika, na mashine hiyo huzigeuza baadaye. TypeScript hujengwa kwa sababu kivinjari kinaelewa JavaScript, hakielewi alama za aina ulizoongeza. Kila moja ina habari yake, na hakuna hata moja inayoelezeka kwa "mstari kwa mstari".

Kesho mpwa wangu anarudi chuoni. Nimempa laptopu yangu ikiwa na `duka.py` ile ya mwanzo, na nimemwomba amsihi mwalimu wake kwa adabu aiendeshe mwenyewe, kwa mkono wake, kisha atazame kama neno "Karibu" litatokea.