Kichwa cha habari cha Kiingereza hakitafsiriki kikiwa peke yake

Mwezi Agosti 2009, Japan Today, tovuti ya habari za Japani inayoandika kwa Kiingereza, ilitoa kichwa hiki: “Violinist linked to JAL crash blossoms”. Mpe mtu anayekijua Kiingereza vizuri akitafsiri upesi, na huenda akakuletea hivi: “Mpiga fidla ahusishwa na maua ya ajali ya JAL.” Kila neno limepata mwenzake, sarufi ya Kiswahili haina kasoro, na sentensi nzima ni uongo. Hapakuwa na maua yoyote, na mpiga fidla yule hakutuhumiwa kwa lolote.

Kichwa hiki kinajulikana sana miongoni mwa wahariri wa Kiingereza, hata maneno yake mawili ya mwisho, crash blossoms, wameyafanya jina la vichwa vyote vya namna hii. Wao hukichekea. Sisi tunaotafsiri habari tunapaswa kukichukulia kwa uzito, kwa sababu kinaonyesha jambo ambalo vyumba vyetu vya habari bado havijalikubali: kichwa cha Kiingereza hakina habari ya kutosha ndani yake kuzaa sentensi kamili ya Kiswahili. Anayetafsiri kichwa kabla ya kusoma habari anabahatisha.

Tukichambue. Neno la mwisho linaonekana kama jina la kitu, maua, lakini hapa ni kitenzi: mtu huyo anachanua, yaani anastawi. “Linked” nalo linaonekana kama kitenzi kikuu, kumbe ni maelezo tu ya mpiga fidla ni nani. Kiingereza cha kawaida kingesema “who is linked”, lakini kichwa hukata maneno hayo madogo, na yakishakatwa msomaji hana alama ya kumwonyesha kitenzi kikuu kiko wapi. Mpaka hapo tumepata: mpiga fidla anayehusiana na ajali ya JAL anastawi.

Wengi wangeishia hapo, na wangekuwa wamemkosea mtu. Katika Kiswahili cha habari, ukisema fulani “anahusishwa na ajali” umeshamtia doa, msomaji anaanza kuuliza alifanya nini. Lazima tufungue habari yenyewe tujue uhusiano wenyewe ni upi. JAL ni Shirika la Ndege la Japani. Tarehe 12 Agosti 1985, ndege yake aina ya Boeing 747, safari namba 123 kutoka Tokyo kwenda Osaka, ilianguka milimani na kuua watu 520. Walionusurika ni wanne tu. Mmoja wa waliokufa alikuwa baba yake Diana Yukawa, mpiga fidla anayezungumziwa, naye alikuwa bado hajazaliwa. Sasa ndipo tunaweza kuandika: “Mpiga fidla aliyefiwa na baba katika ajali ya ndege ya Japani mwaka 1985 ang’ara kimuziki.” Maneno sita yamekuwa kumi na tano. Sioni ubaya wowote hapo. Mwaka, ndege na baba havikuwemo kwenye kichwa, vyote vimetoka kwenye habari, na bila hivyo msomaji wa Tanga au Bukavu asingeelewa kitu.

Chanzo cha shida hii kiko katika maumbile ya lugha mbili. Neno la Kiingereza linaweza kusimama uchi. “Crash” ni jina au kitenzi, “held” ni aliyeshika au aliyeshikwa, na kazi ya kuonyesha tofauti imeachiwa vijineno kama “is”, “was”, “the” na “who”. Magazeti yalipobanwa na upana wa safu, vijineno hivyo ndivyo vilivyotupwa kwanza. Kiswahili hakiwezi kutupa vitu hivyo kwa sababu vimeshonwa ndani ya kitenzi chenyewe. Huwezi kuandika kitenzi bila kusema nani, na mara nyingi bila kusema ametenda au ametendwa. Kwa hiyo utata ambao mhariri wa Kiingereza aliuacha wazi, mtafsiri analazimika kuuamua, apende asipende.

Hakuna mahali uamuzi huo ni mzito kama kwenye habari za polisi na risasi. Chukua kichwa nilichokitunga, ingawa vya mfano wake hupita kila wiki: “Two hurt in police shooting”. Kwa Kiingereza, “police shooting” inaweza kuwa polisi ndio waliopiga risasi, au ndio waliopigwa. Kwa Kiswahili kuna njia mbili na zinaachana kabisa. “Watu wawili wamejeruhiwa baada ya polisi kupiga risasi” ni habari moja. “Watu wawili wamejeruhiwa baada ya polisi kupigwa risasi” ni nyingine. Kinachozitenganisha ni herufi moja, w, na herufi hiyo inaamua nani mkosaji machoni pa msomaji. Hata “two” ni mtego: wawili hao wanaweza kuwa polisi wenyewe, na hapo ni “Askari wawili”, si “Watu wawili”. Nimeona tafsiri zilizochagua upande usio sahihi, na zilisambaa kwenye magrupu ya WhatsApp kabla ya mtu yeyote kuzirekebisha. Mtafsiri hakuwa na nia mbaya. Alitafsiri kichwa kabla ya kusoma aya ya kwanza.

Mrundikano wa majina ni tabu ya aina nyingine, nayo ina dawa yake. Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, vyombo vya nje vilijaa vichwa vya umbo hili: “Lake Victoria ferry disaster death toll rises”. Hapo yamepangwa majina matano bila kiungo chochote kati yake. Dawa ni kuanza kusoma kutoka kulia. Tafuta kitenzi kwanza: kuna kitu kimeongezeka. Nini? Idadi. Ya nini? Ya waliokufa. Wapi? Katika ajali. Ya nini? Ya kivuko. Cha wapi? Cha Ziwa Victoria. Ukifika mwanzo wa kichwa umeshapata sentensi ya Kiswahili kwa mpangilio wake: “Idadi ya waliokufa katika ajali ya kivuko Ziwa Victoria yaongezeka.” Viunganishi vya “ya” na “cha” vinakulazimisha ujibu swali katika kila hatua, na ukishindwa kujibu moja, ujue hujakielewa kichwa.

Kuna mambo mawili hapo ya kuangalia. Kwanza, “ferry” inaweza kuwa kivuko, meli au boti, na kwa watu wa Mwanza na Ukerewe hivyo si kitu kimoja. MV Nyerere ilikuwa kivuko. MV Bukoba, iliyozama Mei 1996, ilikuwa meli. Pili, kuna “rises to”. Idadi “ikipanda kufikia” 200, maana yake jumla yote ni 200 tangu mwanzo. Mtafsiri mwenye haraka huandika “watu 200 zaidi wamekufa”, naye ameshazidisha msiba. Hesabu rasmi ya mwisho ya MV Nyerere ilikuwa watu 228, na katika siku zile ambapo takwimu zilibadilika asubuhi na jioni, kosa hilo lilikuwa rahisi mno kufanyika na gumu kufutika.

Kisha kuna alama za kunukuu. Magazeti ya Uingereza hasa huweka maneno ndani ya alama moja ya kunukuu yanapotaka kusema: haya si maneno yetu, kuna mtu anadai. “Minister ‘took bribe’” haimaanishi kwamba waziri alipokea rushwa. Maana yake mtu fulani anasema alipokea. Alama zile ni ndogo, kwenye simu hazionekani vizuri, na kwenye redio hazisikiki kabisa. Kwa hiyo haitoshi kuzihamisha kwenda Kiswahili kama zilivyo, ni lazima ziwe neno: “Waziri anadaiwa kupokea rushwa.” Na hata hapo usichukue neno lolote linalokujia. “Anadaiwa” ni kwamba kuna anayesema. “Anatuhumiwa” ni kwamba anashukiwa kosa. “Ameshtakiwa” ni kwamba kesi imefunguliwa mahakamani. Kiingereza cha kichwa hukwepa kuchagua. Kiswahili chako kitachagua kwa niaba yako usipochagua mwenyewe, na mwenye kuumia ni mtu ambaye huenda hana kosa.

Wapo watakaosema magazeti yetu nayo yana vichwa vyake vifupi: “Rais afungua mkutano”, “Watatu mbaroni”, “Waziri atumbuliwa”. Ni kweli, na ninavipenda. Lakini angalia kilichobaki ndani yake. “Atumbuliwa” bado inasema ni mmoja na ametendwa. Ufupi wa Kiswahili unakata wakati na viungo, haukati nani alimfanya nani. “Watatu mbaroni” haina kitenzi, lakini hakuna anayeweza kudhani watatu hao ndio waliokamata wenzao. Ufupi wa kuiga Kiingereza, ule wa “Polisi risasi: wawili wajeruhiwa” unaoanza kuonekana mitandaoni, ndio nisiokubali. Ukurasa wa simu hauna safu nyembamba ya gazeti. Nafasi ya sentensi nzima ipo.

Tatizo gumu hubaki pale ambapo habari yenyewe haijafika. Shirika la habari limetuma mstari mmoja wa dharura, aya ya kwanza itakuja baada ya dakika kumi, na mhariri anataka kitu sasa hivi. Maoni yangu ni kwamba hapo mtafsiri ana haki ya kuandika kile tu anachokijua kwa hakika: “Watu wawili wamejeruhiwa kwa risasi. Taarifa zaidi zitafuata.” Asimtaje polisi mpaka ajue alipiga au alipigwa. Na maelezo yakishafika, asiridhike na “tukio la risasi lililohusisha polisi”. Maneno hayo yana nafasi yake kwa dakika kumi zile, lakini nimeyaona yakibaki kwenye habari hadi kesho yake, wakati kila mtu ameshajua nani alifyatua. Aya ikifika, badilisha kichwa, taja aliyepiga, taja aliyepigwa, na uandike saa uliyoifanyia mabadiliko.