Sifuri haikukosea kitu, iacheni

Kijana mmoja ameniletea msimbo niukague, na katikati yake nikakutana na mstari ambao kila nikiuona roho inanichafuka:

```cpp
if (d[i] == 0) d[i] = 1e-6f;
```

Juu yake ameandika: "kuzuia kugawa kwa sifuri". Nilipomuuliza kijana mwenyewe, akanijibu kwa adabu zote: "Mwalimu, si tumefundishwa skuli kwamba sifuri haigawi?" Tumefundishwa, mwanangu. Lakini aliyetufundisha alikuwa na chaki mkononi, hakuwa na `float`. Kiwango cha IEEE 754 kipo tangu 1985, na kinasema wazi kwamba namba yoyote isiyo sifuri ikigawiwa kwa sifuri jibu lake ni infiniti, chanya au hasi kwa kufuata alama. Si ajali hiyo, ni jibu. Na katika kazi hii ya kupima kama mwale umegonga boksi, ndilo jibu tunalolitaka khasa.

Kazi yenyewe ni ya maji ya mvua. Majengo ya mjini yamerahisishwa kuwa maboksi yaliyonyooka na mihimili ya ramani (Michenzani hapo unaweza kusamehewa, Mji Mkongwe, ambako sijawahi kuona kuta mbili zilizokubaliana, ni uongo mtupu, lakini tuuache). Kila nukta ya gridi inaangushiwa mwale kutoka juu moja kwa moja hadi chini, ili ijulikane tone litaangukia paa gani na kwa urefu gani. Kwa hiyo `d`, yaani mwelekeo wa mwale, ni (0, 0, -1). Miale yote, bila kubakisha hata mmoja, iko sambamba na kuta nne za kila boksi. Mtu akikwambia mwale sambamba ni "hali ya nadra", muulize mvua ya masika inaanguka vipi.

Njia ya mabamba mnaijua, ni ile ya Kay na Kajiya ya 1986: boksi ni makutano ya mabamba matatu, kila bamba unalikatia `t` ya kuingia na `t` ya kutoka, unachukua kuingia kulikochelewa zaidi na kutoka kulikowahi zaidi, kisha unatazama kama kuingia kumetangulia kutoka. Basi. Sasa mwale ulio sambamba na bamba ni kama mtu anayetembea katika uchochoro ulionyooka. Akiwa ndani ya uchochoro, kuta mbili hazitamkatiza milele; akiwa nje, hataingia milele. Infiniti zinasema hayo hayo. Ukiwa ndani, ukuta mmoja unakupa infiniti hasi na wa pili infiniti chanya, yaani bamba hili halina la kusema, sikiliza mengine. Ukiwa nje, zote mbili zinatoka na alama moja: ama kuingia kunakuwa infiniti chanya, ama kutoka kunakuwa infiniti hasi, na boksi linakataliwa lenyewe bila `if` hata moja. Halafu mtu anakuja na 1e-6 yake "kutusaidia".

Hebu tuone msaada huo. Tuseme jengo lina ukuta wa kusini kwenye y = 40 na wa kaskazini kwenye y = 52, paa liko mita 18, na mwale unaanzia mita 100 juu. Kwa mhimili wa wima mwale unafika paa kwenye t = 82 na ardhini kwenye t = 100. Weka sasa mwale juu kabisa ya ukuta wa kusini, y = 40, na `d` ya y tuliyoipaka 1e-6. Kuingia ni sifuri, kutoka ni milioni 12. Boksi limegongwa, vizuri. Hamia ukuta wa kaskazini, y = 52. Kuingia ni milioni 12 hasi na kutoka ni sifuri. Sifuri inatangulia 82, kwa hiyo mwale umelikosa boksi. Jengo lile lile, kuta mbili za aina moja, moja ina paa na nyingine haina. Na kwa nini kaskazini ndiyo iliyopoteza? Kwa sababu tu aliyeandika alichagua 1e-6 chanya. Angeandika hasi, kusini ndiyo ingekosa paa.

Kijana alikuwa na jibu la akiba. Akasema hiyo ni nukta iliyokaa juu ya ukuta kabisa, kabisa, na kwa namba za desimali jambo hilo karibu halitokei. Hapa ndipo nilipopandisha sauti, na naomba radhi kwa waliokuwa chumba cha pili. Ramani zetu ni za UTM, kanda 37 kusini. Unguja mjini ipo kiasi cha digrii sita na ushei kusini mwa ikweta, kwa hiyo namba ya kaskazini ya nukta yoyote ya mjini inaanzia mita milioni 9.3 hivi. `float` ya biti 32 ina biti 24 za tarakimu. Ikishavuka 8,388,608, ambayo ni 2 kwa kipeo cha 23, nafasi kati ya namba moja na inayofuata ni 1 kamili. Mita moja nzima! Ukuta wako uliopimwa kwa sentimita unasogezwa kwenye mita iliyo karibu, na nukta ya gridi inasogezwa kwenye mita hiyo hiyo. Kwa hiyo kwenye mhimili wa kusini-kaskazini kila ukuta una safu ya nukta zilizokaa juu yake kabisa, kabisa. Ndiyo maana ile picha yake ya mapaa ilikuwa na michirizi myembamba, yote kwenye kuta za upande mmoja, akadhani ni data mbovu kutoka kwa wapimaji. Wapimaji maskini.

Dawa ya hilo la mita ni kuondoa asili kwa `double` kabla ya kuingia kwenye `float`: chagua nukta moja ya mjini, toa kila kitu kwayo. Hilo lifanyike leo. Lakini usidhani ukishafanya hivyo umemaliza, kwani gridi ya nusu mita na jengo lililochorwa kwa mita kamili vitakutana tu.

Ukiiondoa 1e-6 na kuiacha sifuri ifanye kazi yake, unabakiwa na tatizo moja la kweli, na ni hilo hilo la juu ya ukuta. Pale (40 - 40) inakuwa sifuri, unaizidisha na 1/0 ambayo ni infiniti, na sifuri mara infiniti ni `NaN`. `NaN` haina ukubwa. Kila ulinganisho wa kubwa au ndogo unaoihusisha jibu lake ni hapana. Kwa hiyo kinachotokea kinategemea umeuliza swali gani, na wewe hukujua kama umeuliza. Ukitumia `std::min(t1, t2)` na `std::max(t1, t2)` za C++, ikiwa `t1` ni ya ukuta mdogo, basi kwenye y = 40 hiyo `t1` ni `NaN`, inapita na kupuuzwa, boksi linagongwa. Kwenye y = 52 `NaN` iko nafasi ya pili, kwa hiyo zote mbili zinarudisha infiniti hasi, na boksi linakoswa. Ukitumia `fmin` na `fmax`, ambazo zinaitupa `NaN` na kukupa namba iliyobaki, unakosa kusini na kaskazini pia. Angalau hizo zina usawa.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba ile tabia ya kuta mbili zisizolingana ina faida mahali pamoja. Majengo mawili yakishirikiana ukuta, nukta ya mpakani inahesabiwa kwa moja tu, na mtu anayejumlisha lita za maji angeipenda. Lakini hiyo iwe kwa kukusudia. Na kama maboksi yako ndiyo mti wa kutafutia, ambapo kulikosa boksi ni kuvikosa vyote vilivyo ndani yake, basi mpakani lazima kugongwe pande zote.

Naandika hivi, `o` ikiwa chanzo cha mwale, `lo` na `hi` kuta ndogo na kubwa za boksi, na `inv` ikiwa 1/d:

```cpp
float tmin = 0, tmax = INFINITY;
for (int i = 0; i < 3; i++) {
    float a = inv[i] < 0 ? hi[i] : lo[i];
    float b = inv[i] < 0 ? lo[i] : hi[i];
    float karibu = (a - o[i]) * inv[i];
    float mbali  = (b - o[i]) * inv[i];
    if (karibu > tmin) tmin = karibu;
    if (mbali < tmax) tmax = mbali;
}
return tmin <= tmax;
```

Siri iko kwenye zile `if` mbili. `karibu` ikiwa `NaN`, swali "je, ni kubwa kuliko tmin?" linajibiwa hapana, na `tmin` inabaki kama ilivyo. `mbali` vivyo hivyo. Kwenye y = 40 `karibu` inapuuzwa na `mbali` ni infiniti; kwenye y = 52 `karibu` ni infiniti hasi na `mbali` inapuuzwa. Kuta zote mbili zinagongwa kwenye t = 82. Ukija mtu "kuisafisha" iwe `tmin = karibu < tmin ? tmin : karibu`, maana kwa namba za kawaida ni sawa, `NaN` itaingia ndani ya `tmin` na kufuta kilichokuwamo: mhimili unaofuata utaweka `karibu` yake bila kulinganishwa na chochote, na `NaN` ikija kwenye mhimili wa mwisho, `tmin <= tmax` itajibu hapana na boksi litakoswa.

Na alama inasomwa kwenye `inv`, si kwenye `d`. Sifuri hasi ipo, inazaliwa kirahisi tu ukigeuza mwale kwa kuzidisha na -1. Ukiuliza `d < 0` inakujibu hapana, wakati 1/d yake ni infiniti hasi, na mwale uliomo ndani ya bamba unakataliwa. Williams na wenzake waliliandika hilo mwaka 2005.

Wapo wanaopenda kuandika waziwazi: `d` ikiwa sifuri, angalia kama `o` ipo kati ya `lo` na `hi`, la sivyo rudisha hapana. Ni sahihi pia. Sina ugomvi nao, ingawa wanalipia tawi kwa kitu ambacho mashine inakupa bure.

Ugomvi ninao na mwenye `-ffast-math`. Bendera hiyo inamwambia kikusanyaji kwamba infiniti na `NaN` hazitatokea kamwe, naye ana ruhusa ya kupanga upya kila nilichokieleza hapa. Msimbo utafanya kazi kwenye kompyuta yako, utabadilisha toleo la kikusanyaji, na michirizi itarudi.

Kijana nimemrudishia msimbo na sharti moja: majaribio kumi na mawili, mihimili mitatu, kuta mbili za kila mhimili, sifuri chanya na sifuri hasi, mwale ukiwa juu ya ukuta kabisa. Aongeze na ya pembeni, pale x na y zote zinapotoa `NaN` kwa pamoja. Yakipita na ile 1e-6 ikiwa bado ipo, basi majaribio ndiyo mabovu, aanze nayo upya.